Nimeagiza pampu ya singo fezi nikaletewa ya thrii fezi, na muuzaji anasema nirudishe kwanza

*Anti shikamoo. Mimi niko Makambako, nalima nyanya na hoho za kumwagilia, kisima tulichimba mwaka jana. Niliagiza Kariakoo pampu ya kuzamisha ya 1.5HP, umeme wa nyumbani yaani singo fezi, pamoja na kontrol boksi na kebo mita 50, jumla laki nane na elfu arobaini na usafiri wa basi humo humo. Hela hiyo ni mkopo wa kikoba na wenzangu wanajua kabisa nimenunulia nini.*

*Mzigo umefika jana. Boksi limeandikwa 1.5HP sawa, kebo ipo, ila kontrol boksi hakuna, na fundi aliposoma kile kibati akaniambia mama hii ni thrii fezi. Nikampigia muuzaji, akasema "pole dada, vijana wamechanganya stoo, rudisha nikutumie yako." Nikamwambia tuma kwanza ya kwangu ndo nirudishe, akasema hawezi, akishatuma mbili hana cha kumshikia mtu. Mimi nikituma na yeye akikaa kimya nitakuwa nimekosa pampu na hela. Huyu kaka tuliunganishwa na shemeji yangu, mume wangu hataki niseme maneno makali yasije yakaleta ugomvi kwenye familia. Fundi naye anasema tusihangaike, aje kesho aunge kapasita itafanya kazi. Na kuna jirani ananiambia nipige mtandao wa simu niseme nilikosea namba hela irudi.*

*Nyanya zinaungua Anti. Kuagiza tuliongea kwa simu tu, wasap kuna picha ya pampu na bei. Nifanyeje?*

*Mama Nyanya, Makambako*

Marahaba mwanangu, pole na jua la huko.

Kabla hujamaliza kusoma hapa mpigie fundi, mwambie kesho asije, au akija aje na malti mita peke yake, koleo na tepu aviache nyumbani. Sikatai kwamba ni fundi mzuri, ila hiyo pampu kwa sasa bado ni mali ya watu na thamani yake yote kwako iko kwenye kutoguswa. Ikishaungwa kebo, ikishateremshwa kisimani ikatoka na matope, au ikishachomekwa hata dakika moja ikavuma bila kuzunguka, yule kaka wa Kariakoo ana haki ya kukuuliza aliyeichezea ni nani. Thrii fezi ukiipa singo fezi peke yake huwa inanguruma tu palepale, waya za ndani zinapata moto, na harufu ile ya vanishi iliyoungua haitoki hata uisafishe vipi, mtu wa stoo anainusa kabla hajafungua boksi. Nimeuza vifaa vya umeme miaka mingi, najua anachokiangalia mtu mzigo ukirudi.

Hilo la kapasita nalo tuliongee vizuri maana linavutia, unaona maji yanatoka kesho kutwa na yameisha. Mota nyingi za kuzamisha za 380V zimeshafungwa kwa ndani mtindo wa nyota na zinatoa nyaya tatu tu nje, fundi hawezi kuibadilisha bila kuipasua. Sasa ukiipa 230V ya nyumbani inapata nusu na kidogo ya inachohitaji, kapasita inasaidia kuizungusha lakini nguvu haina, na wewe una bomba refu la kupandisha. Inaweza ikatoa maji siku mbili tatu afu ikaungua, na hapo wa kulaumiwa ni wewe na fundi, muuzaji ameshatoka. Kuna watu wanatumia inveta inayopokea singo inatoa thrii, zipo kweli, ila nyingi zinatoa thrii fezi ya 220 na siyo 380, na bei yake inaweza kukaribia ya pampu nyingine. Kuomba TANESCO wakuvutie njia tatu kwa sababu kijana wa stoo kakosea boksi, hapana, hiyo nadhani hata wewe umecheka.

Akija fundi na malti mita afanye hivi. Asihesabu nyaya, maana singo fezi za kuzamisha zenye kontrol boksi nazo hutoa nyaya tatu na ya arthi, wengi wanachanganyikiwa hapo na kurudisha mzigo ambao ni sahihi. Kwanza asome kibati tena mkiwa wote wawili, kwenye mota yenyewe na siyo kwenye boksi la karatasi. Ikiwa singo utaona 1~ au 1PH na volti 220 au 230, ikiwa thrii utaona 3~ au 3PH na 380 au 400. Boksi linaweza kuwa ni lile lile kwa zote mbili, ndo maana limeandikwa 1.5HP na halijakudanganya. Pili apime omu za nyaya mbili mbili bila umeme wowote: kama jozi zote tatu zinasoma karibu sawa ni thrii fezi, kama zinatofautiana na ile kubwa ni sawa na jumla ya zile mbili ndogo basi ni singo, na hapo tatizo lako linabaki kontrol boksi tu ambalo linatumwa kwa bahasha. Kipimo hicho hakiachi alama yoyote. Wakati anapima mrekodi video moja isiyokatwa, ianze kwenye karatasi ya basi iliyobandikwa juu ya boksi, iende kwenye kibati mpaka namba ya siriali isomeke, iende kwenye ncha za nyaya zikiwa safi hazijaungwa, imalizie kwenye vitu vyote vilivyokuja vikiwa chini vimepangwa.

Na kebo usiikate, najua unajiambia kebo si ni sahihi. Pampu ya singo ya nguvu hiyo inavuta ampea karibu mara tatu ya thrii, sasa kama hii kebo ilipimwa kwa ajili ya ile thrii fezi inaweza ikawa nyembamba kwako, kwa mita 50 umeme unafika chini umechoka na mota inashindwa kuwaka. Angalia ubavuni imeandikwa ngapi. Ikiwa 1.5mm² mimi ningemuuliza, ikiwa 2.5 ina unafuu, na mtu wa kukuhakikishia ni muuzaji akishajua ampea za pampu anayokutumia.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo mwanangu, maana barua yako yote umeandika kama mtu aliyeshatapeliwa. Inawezekana. Lakini angalia alichokifanya: simu amepokea, kosa amekubali papo hapo, pampu aliyoleta ni pampu ya kweli ya nguvu ile ile, na kontrol boksi halimo. Tapeli hakuletei kitu cha laki kadhaa. Mimi nikisoma hapo naona mzigo wa mtu mwingine, yaani kuna mkulima mahali fulani mwenye thrii fezi yake ambaye labda muda huu anashangaa kontrol boksi lako na pampu isiyomfaa. Kwa hiyo usimuulize muuzaji tu "utanitumia lini", muulize "ya kwangu iko wapi sasaivi, iko stoo au imekwenda kwa mteja mwingine?" Akijibu iko stoo, mwombe video ya kibati leo leo, dakika tano hiyo kazi. Akijibu imekwenda kwa mtu Dodoma, basi umeshajua kwa nini anang'ang'ania urudishe kwanza, huenda hana nyingine na anasubiri huku na huku, na wewe hapo badala ya kusubiri mabasi mawili unaweza kumwambia atoe nyingine dukani kwa jirani yake, Kariakoo wanaazimana mzigo kila siku.

Ila hata kama ni mtu mwema, maneno ya simu hayana pa kushika, na wasap yako ina picha na bei tu. Hapo ndo naona udhaifu wako mkubwa kuliko hata suala la nani atangulie kutuma. Bahati ni kwamba kauli ya "vijana wamechanganya" ameshaitoa, sasa inabidi aitoe kwa maandishi au kwa voisi. Nenda kwenye ile picha aliyokutumia ya pampu, ijibu hiyo hiyo picha ili meseji yako iambatane nayo, andika kitu kama hiki:

"Kaka habari za kazi. Hii ndo tuliyokubaliana, 1.5HP singo fezi 220V na kontrol boksi na kebo mita 50, nikalipa 840,000 tarehe fulani, muamala namba fulani. Iliyofika ni 3~ 380V siriali fulani, kontrol boksi haimo. Siipokei hii, nimeitunza kama ilivyokuja haijaungwa wala kuwashwa, video hii hapa. Naomba unibadilishie ya singo fezi, usafiri wa kwenda na kurudi uwe juu yako kwa vile ilichanganywa stoo kama ulivyoniambia jana. Nijibu mpaka kesho jioni unaitoa lini."

Hakuna neno kali hapo hata moja, mumeo anaweza kukaa pembeni akasoma. Maneno mawili ya muhimu ni "siipokei" na "kama ulivyoniambia jana". La pili akijibu "sawa dada" tu tayari amekubali yote yaliyo juu yake. La kwanza lina kazi yake kisheria: kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya hapa kwetu, mtu aliyeletewa bidhaa bila kuikagua hahesabiwi ameipokea mpaka apate nafasi ya kuikagua, lakini akikaa nayo muda mrefu kimya bila kusema ameikataa, au akaitumia kama yake, anahesabiwa ameikubali. Ndo maana nakuambia leo na siyo wiki ijayo. Na sheria hiyo hiyo inasema mnunuzi aliyekataa mzigo kwa haki halazimiki kuurudisha yeye, inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameukataa, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Sikuambii ukamsomee vifungu kaka wa watu, nakuambia ili ujue ukikubali kurudisha wewe unamfanyia wepesi, na mtu anayefanyiwa wepesi naye ana cha kutoa.

Kuna risiti ya EFD? Hukuitaja. Kama hakukupa iombe kwenye meseji inayofuata, kwa upole tu, "na risiti yangu naomba." Ile ina jina la biashara na TIN yake, ndo tofauti kati ya kumdai "kaka wa Kariakoo" na kumdai duka linalojulikana.

Sasa nani atangulie. Nimejaribu kuvaa viatu vyenu wote wawili na kila njia ina pa kuumia. Ukituma wewe kwanza, usitume kwa maneno ya mdomo. Kwanza akutumie video ya pampu yako ikiwa na kibati cha 1~ na siriali yake, kontrol boksi pembeni, na aandike kwamba akipokea hii siku fulani ataitoa hiyo siku hiyo hiyo au kesho yake, asipoweza atarudisha hela yote na nauli ya mzigo. Hapo umepunguza hatari, hujaimaliza, maana video siyo pampu. Ukimwambia atangulie yeye, amekwambia hawezi na mimi namwelewa, wateja wa mikoani waliobaki na vitu viwili wapo na yeye anawajua kwa majina. Unaweza kumpa kitu cha kumshikia: mtangazie kwamba pampu yake utaipeleka ofisi ya basi na kumtumia picha ya risiti ya mzigo basi likishaondoka, na yeye akiiona hiyo risiti ndo anatoa ya kwako jioni hiyo, hasubiri ifike. Mizigo inapishana njiani. Wauzaji wengi hapo ndipo wanapolainika, kwa sababu mzigo umeshatoka mikononi mwako na jina la mpokeaji ni lake.

Njia ya tatu ni mtu. Shemeji yako yuko Dar au yuko wapi? Barua inamtaja kama kikwazo, kwamba ukisema utaharibu undugu, lakini mimi namwona kama ndo mtu pekee hapo anayeaminiwa na pande zote mbili. Pampu ikatumwa kwa jina lake, akaichukua stendi Mbezi, akaenda nayo dukani, akatoa hii akapewa ile, mkono kwa mkono, akasoma kibati palepale akakupigia video. Anayepata usumbufu ni yeye, na pengine bodaboda ya mjini ni juu yako. Hatari yake ni kwamba mambo yakienda kombo ugomvi ule mnaouogopa unakuwa umeshaingia ndani, na kama ana kamisheni yake kwa huyo muuzaji (inatokea, tusijifanye hatujui) atakuwa mzito kumbana. Wewe ndo unamjua. Muulize mumeo swali moja tu: shemeji akisikia baadaye kwamba mliumia mkanyamaza, atafurahi?

Ushauri wa jirani sikuupenda. Kurudishiwa muamala ni kwa aliyekosea namba, wewe hukukosea, ulimlipa uliyetaka kumlipa. Ukidanganya, muuzaji anaonyesha meseji zenu kwamba yalikuwa malipo ya bidhaa, hela inabaki kwake, na kuanzia hapo mwenye rekodi ya uongo ni wewe na siyo yeye. Akigoma kabisa kubadilisha na kurudisha hela, una pa kwenda pa halali, Tume ya Ushindani yaani FCC inapokea malalamiko ya walaji, na ndo hapo ile meseji, video na risiti vinapokuwa na maana. Bado hujafika huko.

Na wenzako wa kikoba waambie mapema, kabla hawajasikia kwa fundi. Waonyeshe hiyo meseji uliyotuma. Rejesho la kwanza litakapofika na shamba halijaanza kunywa watakuwa wanajua kwa nini.

Ukiamua kutuma, ifunge kama ilivyokuja, maboksi ya ndani yale meupe yarudi mahali pake, usiandike juu ya boksi la kiwanda kwa peni, bandika karatasi. Kebo iende nayo ikiwa imezungushwa vile vile kama mmekubaliana inabadilishwa. Pale ofisi ya mizigo usikubali waandike "boksi 1", waandike "pampu ya maji 1.5HP, kebo" na thamani yake, na usome nyuma ya risiti wanalipa kiasi gani mzigo ukipotea, mara nyingi ni kidogo na bora ujue kabla. Baadhi ya mabasi yanakubali mpokeaji alipie kule, waulize, linamaliza ubishi wa nauli.

Na ile mpya ikifika usiisainie ukaibeba kwenye bodaboda mpaka nyumbani. Fungua palepale ofisini, yule karani atanung'unika kidogo mwache anung'unike, soma kibati cha mota, 1~ na 220 au 230, linganisha siriali na ile ya kwenye video, hakikisha kontrol boksi limo na limeandikwa 1.5HP hiyo hiyo, maana boksi la pampu ndogo lina kapasita ndogo. Kisha ndo umwite fundi na koleo lake.

Kuhusu nyanya kwa hizi siku za kusubiri, kwa jirani kuna pampu ya petroli ya kukodi? Gharama yake iandike, na kama muuzaji atakuwa muungwana mnaweza kuiongelea, ingawa hapo sikuahidi. Niandikie ukishasoma ile namba ubavuni mwa kebo na akishakujibu ya kwako iko wapi, maana majibu hayo mawili ndo yatakuonyesha upande wa kuelemea.

Anti